Nyumba ya wageni iliyosajiliwa kama baa: jinsi msimbo wa biashara unavyopangwa na jinsi ya kuusahihisha

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mjini Iringa, upande wa barabara inayopita Kalenga kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, aliniita nimtazamie mashine yake ya kadi ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa "inabagua wageni." Kadi za watalii waliojilipia wenyewe zilipita bila shida. Kadi za watafiti na za wafanyakazi wa miradi, ambao ndio wanaolala siku nyingi, zilikataliwa moja baada ya nyingine, ingawa kila mwenye kadi aliapa kwamba fedha zimo. Alikuwa ameshabadilishiwa mashine mara mbili na laini ya simu iliyomo ndani yake mara moja.

Mashine ilikuwa nzima na mtandao ulikuwa mzuri. Miaka kadhaa nyuma, kabla vyumba havijakamilika, mama huyu alikuwa na baa tu mbele ya kiwanja, akaomba mashine kwa ajili ya baa, na benki ikamsajili kama baa. Baadaye vyumba vikaisha, wageni wakaanza kulala, baa ikabaki kona yenye meza nne, lakini katika mfumo wa malipo yeye aliendelea kuwa mwenye baa. Mwongozo huu unafuata kisa chake kwa sababu ndicho kinachowapata wafanyabiashara wengi wenye shughuli zaidi ya moja chini ya paa moja.

Msimbo wenyewe, na nani anaupanga

Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa namba ya tarakimu nne inayoeleza aina ya biashara yake. Kwenye fomu na kwenye mifumo ya benki utaiona imeandikwa MCC. Orodha ya namba hizo ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 18245, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, na mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard ina vitabu vyake vinavyoeleza kila namba inahusu nini. Katika kisa chetu tunahitaji tatu tu: 7011 ni hoteli na nyumba za wageni, 5812 ni mgahawa, na 5813 ni mahali pa kunywa, yaani baa.

Anayepanga namba hiyo ni benki iliyokupa mashine, au kampuni ya malipo iliyokuunganisha na benki hiyo. Si Visa, si Mastercard, si benki ya mteja, na wala si wewe mwenyewe, ingawa maelezo yako kwenye fomu ndiyo yanayoielekeza kalamu ya mpangaji. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba msimbo huu si ule wa shughuli za biashara unaouchagua unaposajili kampuni au jina la biashara BRELA. Ule wa BRELA unatoka katika mpangilio mwingine kabisa wa shughuli za kiuchumi, unaoitwa ISIC, na kuubadilisha huko hakubadilishi chochote katika mashine ya kadi. Nimekutana na mtu aliyelipia marekebisho BRELA akisubiri mashine yake ipone.

Orodha hii ilianzia nchi za mbali na inaonyesha hivyo. Ina namba ya wauzaji wa magari madogo ya kutembelea juu ya theluji, 5598, lakini kilabu cha ulanzi kitalazimika kuingia 5813 pamoja na baa za mjini. Kwa bahati nzuri ushirika wa wakulima una namba yake, 0763, na AMCOS inayopokea malipo ya kadi haina haja ya kubandikwa jina la duka la rejareja. Pale ambapo hakuna namba inayokaa sawasawa, mpangaji mvivu hukimbilia 5999, ambayo ni kapu la maduka yasiyo na mahali pengine pa kuwekwa. Duka la pembejeo la Uyole likiwekwa humo halitakataliwa malipo kila siku, lakini benki ya mteja haitaweza kujua kama linauza mbegu au mapambo ya harusi, na itaamua kwa kubahatisha.

Namba hiyo hufanya nini kadi inapochanjwa

Mgeni akiingiza kadi kwenye mashine, ombi husafiri kwenda benki iliyotoa kadi hiyo likiwa na kiasi, namba ya mashine, namba ya mfanyabiashara, jina na mji wake, na msimbo wa aina ya biashara. Katika muundo wa ujumbe uitwao ISO 8583, msimbo huo hukaa sehemu ya 18. Katika mifumo mingi hauandikwi na mashine iliyo mezani kwako. Hubandikwa na mfumo wa benki kutokana na namba yako ya mfanyabiashara, na ndiyo maana kubadilisha mashine mara mbili hakukumsaidia mama yule: mashine mpya iliunganishwa na usajili uleule.

Benki iliyotoa kadi ina sekunde chache za kuamua, na msimbo ni miongoni mwa vitu vichache inavyovijua juu yako. Haioni vyumba vyako wala kibao cha njiani. Mwajiri aliyewapa wafanyakazi wake kadi za safari anaweza kuagiza kwamba zifanye kazi hotelini, mgahawani na kwenye vituo vya mafuta, na zikatae baa, michezo ya kubahatisha na utoaji wa fedha taslimu. Agizo hilo linatekelezwa kwa kusoma msimbo. Mtafiti akitoa kadi ya namna hiyo mbele ya mashine iliyosajiliwa 5813, benki yake inaona mfanyakazi aliyeko baa anataka kulipa Sh 480,000, na inakataa kama ilivyoagizwa.

Hata kadi binafsi haikwepi kabisa. Mifumo ya kuzuia wizi hulinganisha kiasi na aina ya biashara, na malipo ya laki tano baa saa nne asubuhi yanazua maswali ambayo malipo hayohayo hotelini hayazui. Mgeni mmoja wa mama yule alipita salama kwenye mashine lakini akapata shida kwao, pale mhasibu alipomwita aeleze kwa nini taarifa ya kadi inaonyesha amemaliza siku nne za kazi ya utafiti akiwa baa.

Upande wa gharama, msimbo ni mojawapo ya mambo yanayoamua ada ambayo benki yako huilipa benki ya mteja kwa kila muamala, pamoja na aina ya kadi na kama kadi imetoka nje ya nchi. Wengi hudhani kwamba msimbo ukibadilika makato yao yatabadilika siku hiyohiyo. Si lazima. Ikiwa mkataba wako una asilimia moja ya jumla kwa kadi zote, benki ndiyo inayobeba tofauti, iwe faida au hasara, na wewe utaendelea kukatwa kilekile mpaka mkataba urekebishwe. Ukiomba msimbo ubadilishwe, uliza swali la makato katika barua hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni msimbo

Kabla ya kwenda benki, kusanya karatasi za miamala iliyokataliwa kwa mwezi mmoja au miwili. Mashine nyingi huchapa karatasi hata muamala unapokataliwa, na juu yake kuna tarakimu mbili za jibu. Jibu 51 maana yake salio halitoshi, na hilo halikuhusu. Jibu 57 maana yake mwenye kadi haruhusiwi kufanya muamala wa aina hiyo, na 62 maana yake kadi ina vizuizi. Ukiona 57 na 62 zikijirudia, tena kwenye kadi za kampuni na za miradi huku kadi binafsi zikipita, una sababu nzuri ya kushuku msimbo. Jibu 05 ni la kukataa bila kueleza, na peke yake halithibitishi kitu. Jibu 58 linasema kwamba mashine ndiyo isiyoruhusiwa kufanya muamala huo, na 03 linaonyesha kasoro katika usajili wa mfanyabiashara. Hayo mawili ni ya kupeleka benki siku hiyohiyo bila kusubiri ushahidi zaidi.

Mama yule alikuwa na karatasi kumi na moja kwenye bahasha, alizozitunza kwa ajili ya kugombana na fundi. Nane zilikuwa na 57. Karatasi hizo ndizo zilizomaliza ubishi.

Baada ya hapo, tafuta msimbo wenyewe. Karatasi ya malipo kwa kawaida haiuonyeshi. Inaonyesha MID, ambayo ni namba yako ya mfanyabiashara, na TID, ambayo ni namba ya mashine. Tazama mkataba wako na fomu uliyojaza, kwa sababu mara nyingine msimbo umeandikwa kwa mkono pembeni, katika sehemu ya matumizi ya ofisi. Ukiukosa, iandikie benki ukitaja MID yako na uulize ni msimbo gani umesajiliwa. Ni taarifa inayohusu biashara yako na huna sababu ya kuona haya kuiomba.

Ipo njia nyingine, kama una karatasi ya QR ya kupokelea malipo iliyotengenezwa kwa muundo wa EMV. Isome kwa programu ya kawaida ya kusomea QR kwenye simu, ile inayoonyesha maandishi tu, badala ya programu ya kulipia. Utaona mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na katikati yake kipande kinachofanana na hiki:

```
5204581353038345802TZ5914LODGE YA MFANO6006IRINGA
```

Mstari huo husomwa kwa mafungu: tarakimu mbili za jina la fungu, mbili za urefu wake, kisha kilichomo. Fungu la 52 ndilo la msimbo wa biashara, urefu wake ni 04, na kilichomo hapa ni 5813, yaani baa. Linalofuata ni 53, sarafu, na 834 ni shilingi ya Tanzania. Kisha 58 ni nchi, 59 ni jina la biashara na 60 ni mji. Usitafute 5204 popote itakapotokea, maana inaweza kuwa sehemu ya namba nyingine. Itafute pale inapofuatiwa na tarakimu nne na kisha 5303834. Wala usijaribu kuirekebisha mwenyewe na kuchapa QR mpya, kwa sababu mwishoni mwa mstari, katika fungu la 63, kuna alama ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na yote yaliyotangulia, na QR iliyoguswa itakataliwa.

Kumbuka pia kwamba QR inaweza kuwa ya benki moja na mashine ya benki nyingine. Kila aliyekusajili amekupangia msimbo wake, na inawezekana kabisa mmoja akawa amepatia na mwingine amekosea.

Hatua ya pili: pima biashara yako kwa mauzo

Kanuni ya jumla ni kwamba mfanyabiashara hupewa msimbo unaoeleza kwa usahihi zaidi shughuli yake kuu, na shughuli kuu hupimwa kwa mauzo. Kibao kikubwa cha bia kilichotundikwa mbele na kampuni ya vinywaji hakikufanyi baa, wala neno "Hoteli" ukutani halifanyi mgahawa wa wali na maharage kuwa 7011. Hili la pili linawanasa wengi huku kwetu, ambako "hoteli" ni mahali pa kula. Afisa akisikia hoteli akachagua 7011 kwa mgahawa usio na kitanda hata kimoja, kosa ni lilelile limegeuzwa.

Chukua mauzo ya miezi mitatu. Ripoti za Z za mashine ya EFD zitakupa jumla ambayo benki haiwezi kuibishia, na kama mashine haikugawanywa kwa idara, mgawanyo utautoa kwenye daftari la mapokezi na la jikoni. Kwa mama yule hesabu ilisimama hivi: vyumba Sh milioni 21.6, chakula Sh milioni 9.3, vinywaji vya baa Sh milioni 7.1, jumla Sh milioni 38. Vyumba vilikuwa karibu asilimia 57 ya mauzo yote, na baa haikufika asilimia 19. Huo ukurasa mmoja wa hesabu una nguvu kuliko barua ya kurasa tatu ya malalamiko.

Sasa amua kama unahitaji msimbo mmoja au zaidi. Mgeni anayelala, akala na kunywa soda ikaandikwa kwenye bili ya chumba, ni wa 7011 kwa bili nzima. Hakuna haja ya kumkatia vipande. Lakini kama mgahawa wako una mlango wake wa nje na unahudumia watu wa mjini wasiolala kwako, ni halali na ni busara kuomba usajili wa pili wenye MID yake na msimbo 5812. Baadhi ya mashine hubeba usajili zaidi ya mmoja na mhudumu huchagua kabla ya kuingiza kiasi, ila kwa uzoefu wangu mhudumu wa zamu ya usiku huchagua kilicho juu kwenye orodha. Mashine mbili zenye karatasi za rangi tofauti zilizobandikwa mgongoni hufanya kazi vizuri zaidi.

Kuna shughuli ambazo haziingii chini ya mwavuli wa shughuli kuu hata zikiwa ndogo kiasi gani. Michezo ya kubahatisha ina msimbo wake, 7995, na kupitisha malipo yake kwenye mashine ya vyumba ni kuficha. Vilevile mgeni anayekosa fedha taslimu akakuomba umchanjie Sh 200,000 kama chumba kisha umkabidhi noti, anakuomba uandike utoaji wa fedha kama malazi. Ukweli wa muamala ndio unaotakiwa kulingana na msimbo, na benki ikigundua kwamba hilo ni la makusudi inaweza kuvunja mkataba na kuingiza jina lako katika orodha ya Mastercard iitwayo MATCH, ambako hukaa miaka 5 na benki nyingine huitazama kabla ya kukupa mashine.

Hatua ya tatu: barua, na mazungumzo ya dirishani

Tawi la Iringa au la Mbeya linapokea ombi lako, lakini kwa kawaida anayegusa usajili yuko makao makuu. Kwa hiyo andika barua itakayoeleweka na mtu ambaye hajawahi kukuona. Taja jina la biashara kama lilivyo kwenye leseni, TIN, MID na TID za mashine zote, msimbo uliopo, msimbo unaouomba na sababu kwa sentensi mbili. Ambatisha leseni inayoonyesha huduma ya malazi, hesabu ya mauzo ya miezi mitatu, nakala za karatasi zenye jibu 57, na picha za mapokezi, chumba kimoja na bango la bei. Leseni ndiyo inayokwamisha wengi: ikiwa bado inasema baa tu, benki haina pa kusimamia, na utaanzia halmashauri kabla ya kurudi benki.

Nilimsindikiza mama yule tawini. Kijana wa dirishani alimsalimu vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba mwanangu. Hapa mmeniandika baa, na mimi nalaza watu." Kijana akafungua skrini, akatazama, akasema kwamba yeye anaona jina na akaunti tu, hiyo namba haioni. Alikuwa mkweli. Wengi huondoka hapo wakiambiwa kwamba mashine ni nzima. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na uulize ipelekwe kwa kitengo kinachoshughulikia wafanyabiashara wa kadi, si kwa mafundi wa mashine. Benki inaweza kumtuma mtu aje kutazama eneo kabla ya kukubali, na hiyo ni kazi yake ya halali.

Katika barua hiyo omba jambo la pili, ambalo kwa nyumba ya wageni lina uzito kuliko msimbo peke yake: ruhusa ya kuzuia fedha, ambayo kwenye mashine huandikwa PRE-AUTH. Msimbo 7011 unakuweka chini ya kanuni za malazi, lakini kitufe hicho hakijitokezi chenyewe mpaka benki ikiwashe.

Kwa nini PRE-AUTH inastahili kuombwa

Chukua mgeni anayefika akisema atalala siku nne kwa Sh 120,000 kwa siku, na unakadiria chakula Sh 100,000. Jumla ni Sh 580,000. Akiwa na usajili wa baa na bila PRE-AUTH, mama yule alikuwa akimchanjia mgeni kiasi chote siku ya kwanza. Mgeni mmoja akapata habari kwamba barabara ya kwenda Tungamalenga imeharibika kwa mvua, akaondoka baada ya siku mbili. Alikuwa ametumia Sh 240,000 za chumba na Sh 45,000 za chakula, yaani Sh 285,000, na alidai Sh 295,000 zake.

Kurudisha fedha kwenye kadi kulichukua siku kadhaa. Kwa kuwa kadi ilikuwa ya nje, benki ya mgeni ilibadilisha fedha kwa bei ya siku ya kulipa na tena kwa bei ya siku ya kurudishiwa, na mgeni akapata pungufu ya alichotoa. Alimlaumu mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye aliumia: tuseme makato ni asilimia 2.5, alikatwa Sh 14,500 kwa malipo ya kwanza, na mkataba wake haukurudisha makato ya fedha zilizorudishwa. Kwa mauzo halisi ya Sh 285,000 angekatwa Sh 7,125 tu.

Kwa PRE-AUTH, siku ya kwanza Sh 580,000 zinazuiliwa tu kwenye kadi. Hakuna kilichohama. Mgeni akiondoka, mapokezi huchagua kitufe cha kukamilisha, huingiza Sh 285,000 na namba ya idhini iliyo kwenye karatasi ya kwanza, na kilichobaki huachiliwa na benki ya mgeni. Kwa biashara za malazi idhini ya namna hii huweza kudumu hadi kiasi cha siku 30, wakati mauzo ya kawaida hutakiwa kukamilishwa ndani ya siku chache. Mgeni akiongeza siku, unaweza kuomba nyongeza juu ya idhini ileile badala ya kuanza upya.

Kosa la kawaida hapa ni la mapokezi. Mgeni anapoondoka, mhudumu anafanya mauzo mapya badala ya kukamilisha idhini ya mwanzo. Mgeni anajikuta amelipa Sh 285,000 na bado Sh 580,000 zake zimezuiliwa, na simu yake itakupata ukiwa Makambako. Weka karatasi ya PRE-AUTH pamoja na kadi ya usajili wa mgeni, zibanwe kwa pini moja, na asiyekuwa nayo asiguse mashine.

Hatua ya nne: siku ya kubadilishwa

Ukipata taarifa kwamba benki itabadilisha usajili, uliza kama MID itabaki ileile au utapewa mpya. Ikiwa ni mpya, idhini zote zilizofunguliwa chini ya ile ya zamani zikamilishwe kwanza, la sivyo hutaweza kuzikamilisha baadaye. Funga mauzo ya siku, chapa karatasi ya jumla, kisha acha mashine ipakue mipangilio mipya. Fanya muamala mmoja mdogo kwa kadi yako mwenyewe, na kama programu ya benki yako huonyesha aina ya biashara, tazama imeandika nini. Jaribio la kweli, hata hivyo, ni kadi ya kampuni ya kwanza itakayokuja.

Miamala ya nyuma haibadiliki. Mtafiti aliyeonekana kuwa baa ataendelea kuonekana hivyo kwenye taarifa ya mwezi ule, na kinachoweza kumsaidia ni risiti ya EFD inayotaja malazi, au barua yako fupi kwa mwajiri wake. Pia wageni wanaolipa kupitia tovuti za kuhifadhi vyumba, pale ambapo tovuti ndiyo inayopokea fedha, huonekana kwa msimbo wa tovuti hiyo, si wako, na marekebisho haya hayawagusi.

Kwa mama yule, kadi ya mradi ilipita kwa mara ya kwanza wiki moja baada ya mabadiliko. Niliporudi kuangalia, nilikuta mezani ile QR ya zamani, imekauka chini ya plastiki, na niliposoma mstari wake bado ulikuwa na 5813. Ilikuwa imetolewa na kampuni nyingine ya malipo, kwa usajili mwingine, na barua yake ilikuwa haijaandikwa bado.